Volti za betri ya lithiamu hutoka wapi? Chuma, oksijeni na jirani yake fosforasi

Kwenye meza za mafundi sola wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, siku hizi hukosi kukuta betri mbili za lithiamu zenye umbo moja na lebo moja ya 12V. Ziache zijae, zipumzike, kisha zipime. Moja itasoma kama volti 13.4, nyingine kama 12.5. Ukifungua maboksi utaona ya kwanza ina seli nne zilizofuatana na ya pili ina tatu. Gawanya: kila seli ya betri ya kwanza ina volti 3.35 hivi, na kila seli ya betri ya pili ina karibu 4.15.

Namba hizo hazitokani na ukubwa wa seli. Seli ndogo ya tochi na seli nzito ya gari la umeme, zikiwa za kemia moja, husoma volti zilezile. Ukubwa huongeza muda wa kutumia tu. Kinachoamua volti kimefichwa ndani ya unga mweusi uliopakwa juu ya karatasi ya alumini kwenye upande chanya, yaani kathodi. Ni metali gani imo humo, imezungukwa na atomi zipi, na lithiamu inapata kukaa wapi katikati yao. Nitachukua betri ya chuma na fosfeti, ile iliyoandikwa LiFePO4, kwa sababu ndiyo imejaa kwenye nyumba zetu za sola kuanzia Chunya hadi Makete, na pia kwa sababu chuma chake kina kisa ambacho metali nyingine hazina.

Milango miwili ya kuingilia

Kathodi ya betri hizi ni fuwele: atomi zimepangwa kwa mpangilio mmoja unaojirudia maelfu kwa maelfu ya mara. Sehemu kubwa ya fuwele hiyo ni kiunzi kisichohama, cha metali na oksijeni. Ndani ya kiunzi kuna nafasi ambazo lithiamu inaweza kupenya na kutoka bila kukibomoa. Ndiyo maana betri inaweza kuchajiwa maelfu ya mara. Katika betri ya asidi na risasi, kila ukichaji na kutumia, kemikali za kwenye sahani huyeyuka na kujengwa upya. Hapa nyumba inabaki palepale na mpangaji ndiye anayeingia na kutoka.

Unapowasha taa, atomi ya lithiamu iliyokuwa ndani ya grafiti upande hasi hugawanyika. Ioni yake hupita ndani ya seli, kupitia elektroliti. Elektroni yake haiwezi kupita huko, kwa hiyo huzunguka nje kwenye waya, hupita kwenye taa, na kufika kathodi kwa mlango mwingine. Zikifika, kila moja ina pake pa kukaa. Ioni hujibana kwenye nafasi iliyo wazi kati ya oksijeni. Elektroni hutua juu ya metali. Kwenye betri yetu hesabu yake ni hii:

FePO4 + Li+ + e- → LiFePO4

Chuma kilichokuwa Fe3+ kimepokea elektroni kikawa Fe2+. Ukichaji, unailazimisha elektroni itoke kwenye chuma na ioni ya lithiamu itoke kwenye fuwele, vyote virudi vilikotoka.

Sasa volti. Volti ni kipimo cha nishati ambayo kila elektroni inaiachia njiani kwa kushuka kutoka upande hasi hadi kwenye metali ya kathodi. Kadiri nafasi inayoisubiri kwenye metali ilivyo chini kabisa kwa nishati, ndivyo mteremko unavyokuwa mrefu na volti inavyopanda. Wanakemia hupima kina hicho kuanzia kwenye lithiamu tupu, na kwa kipimo hicho LiFePO4 iko volti 3.43. Grafiti yenyewe imekaa kama volti 0.1 kutoka kwenye lithiamu, kwa hiyo seli nzima inabakiwa na 3.3. Ndiyo ile 3.3 unayoiona kwenye mita.

Tuifanye iwe kitu cha kushika mkononi. Moli moja ya LiFePO4 ni gramu 158, kama ujazo wa kiganja. Ikitoa lithiamu yake yote, inapitisha umeme wa ampea-saa 26.8. Zidisha kwa 3.3 unapata wati-saa 88, ambazo zitawasha taa ya wati 10 kwa muda wa karibu saa 9. Kama chuma hichohicho kingekuwa na nafasi ya juu zaidi, tuseme ya volti 2, unga uleule wenye lithiamu ileile ungeiwasha taa kwa muda wa saa 5 tu.

Kutoka salfa hadi oksijeni

Kathodi ya kwanza ya namna hii iliyofanya kazi vizuri haikuwa na oksijeni. Katika miaka ya 1970, Stanley Whittingham akiwa kampuni ya Exxon alitumia salfidi ya titani, TiS2, ambayo ni tabaka juu ya tabaka, na lithiamu huteleza katikati ya tabaka hizo. Ilitoa volti zinazozidi 2 kidogo. Ungeweza kufikiri dawa ni kutafuta metali yenye nafasi iliyo chini zaidi kuliko titani, lakini hapo kuna sakafu. Elektroni za salfa nazo zina kiwango chao cha nishati, na hakiko chini sana. Ukichagua metali ambayo nafasi yake iko chini ya kiwango hicho, basi unapochaji, elektroni haitatoka kwenye metali. Itatoka kwenye salfa, kwa kuwa ndiyo iliyo juu na rahisi kung'olewa. Atomi za salfa zitaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kiunzi kitaharibika.

John Goodenough, akiwa Oxford, aliona jibu: elektroni za oksijeni ziko chini zaidi kuliko za salfa, kwa hiyo oksidi inaweza kuvumilia metali yenye nafasi ya chini zaidi. Mwaka 1980 yeye na wenzake walionyesha oksidi ya kobalti, LiCoO2, inayofika karibu volti 4. Ina tabaka kama TiS2: safu ya kobalti na oksijeni, safu ya lithiamu, kisha tena. Akira Yoshino wa Japani aliioanisha na upande hasi wa kaboni mwaka 1985, Sony wakaipeleka sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wote watatu, Whittingham, Goodenough na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia.

Hata oksijeni ina sakafu yake, na kobalti imeikaribia mno. Unapochaji LiCoO2, nusu ya kwanza ya lithiamu hutoka vizuri. Ukiendelea kuvuta, nafasi za kobalti zinakuwa zimegusana na kiwango cha oksijeni, na elektroni zinaanza kutoka kwenye oksijeni pia. Oksijeni iliyopoteza elektroni haitulii; hutafuta njia ya kutoka kwenye fuwele kama gesi, na gesi hiyo iko ndani ya seli yenye elektroliti inayowaka kama petroli. Kwa sababu hiyo betri za kwanza za aina hii zilisimamishwa kwenye volti 4.2, ambapo lithiamu iliyotoka ni karibu nusu. Kwenye karatasi, gramu moja ya LiCoO2 ina miliampea-saa 274. Zilizotumika ni kama 140.

Linganisha na chuma na fosfeti: gramu moja ina 170 na karibu zote hutumika. Zidisha kila moja kwa volti zake, 140 kwa 3.9 na 170 kwa 3.43, utakuta gramu kwa gramu zinakaribiana sana, na chuma kinaongoza kidogo. Watu wengi wanaodharau betri za chuma kuwa hafifu hawajawahi kupiga hesabu hii. Tatizo la LiFePO4 ni ujazo: fuwele yake ni nyepesi na ina nafasi nyingi, kwa hiyo inahitaji boksi kubwa zaidi. Ndani ya simu hilo ni kasoro. Kwenye kona ya stoo pale Uyole, si kitu.

Chuma kilivyo na elektroni ya ziada

Fuwele ya LiFePO4 inaitwa olivini, kwa kuwa imepangwa kama jiwe la jina hilo. Uzuri wake kwa mtu anayetaka kuelewa volti ni kwamba unaweza kutoa chuma, ukaweka manganisi, kobalti au nikeli, na nyumba ikabaki ileile. Ukifanya hivyo volti zinabadilika hivi: chuma 3.43, manganisi 4.1, kobalti 4.8, nikeli 5.1. Majirani ni walewale na nafasi ya lithiamu ni ileile. Kilichobadilika ni metali peke yake.

Kwa sehemu kubwa mwelekeo ni rahisi kuuona. Ukitoka chuma kwenda kobalti na nikeli, kiini cha atomi kinaongezeka chaji chanya, kinazivutia elektroni chini zaidi, na volti inapanda. Lakini manganisi iko nyuma ya chuma kwenye jedwali la elementi, na ilipaswa kuwa na volti ndogo kuliko chuma. Mbona imezidi kwa zaidi ya nusu volti?

Elektroni zinazohusika hukaa kwenye obiti za d, ambazo ziko tano. Mn2+ ina elektroni tano: kila moja ina obiti yake, hakuna anayebanana na mwenzake. Fe2+ ina sita. Ya sita imelazimika kuingia kwenye obiti yenye mwenyewe, na kwa kuwa zote zina chaji hasi, zinasukumana. Kwa hiyo elektroni ya sita ya chuma iko juu kidogo na ni rahisi kuing'oa. Geuza upande wa pili: betri inapotumika, elektroni inayofika kwenye Mn3+ inakuta obiti tupu inayomsubiri mtu wa tano, inashuka chini sana. Inayofika kwenye Fe3+ inakuta zote tano zina watu, inabidi ibanane, na mteremko wake unakuwa mfupi. Viwanda vinavyochanganya manganisi na chuma ndani ya olivini moja hupata mchoro wa volti wenye ngazi mbili, moja karibu na 4.1 na nyingine karibu na 3.5. Ukiutazama, unaziona metali mbili zikifanya kazi kwa zamu.

Kobalti na nikeli kwenye olivini zinavutia kwa namba, ila hazijatufikia sokoni, na sababu kubwa si fuwele. Elektroliti za kawaida huanza kuungua zikizidi volti 4.5 hivi. Betri ya volti 5.1 ingekuwa inakula kimiminika chake chenyewe.

Hapa kwetu kusini mtu akisikia chuma anawaza Liganga, kule Ludewa, ambako mawe yana chuma pamoja na titani na vanadi. Wengi huuliza kama mawe yale yanaweza kuwa betri. Yana metali inayotakiwa, ndiyo, lakini chuma ndicho sehemu rahisi kuliko zote za LiFePO4. Kazi iko kwenye kukisafisha na kukiweka katika fuwele sahihi, na kabla ya yote, kumtafutia jirani.

Jirani anayevuta blanketi

Chuma kwenye oksidi ya kawaida si kitu cha kujivunia. Jozi ya Fe2+ na Fe3+ ndani ya oksidi tupu hutoa chini ya volti 2.5. Imetokaje huko hadi 3.43? Jibu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, Goodenough akiwa amehamia Texas, akifanya kazi na Arumugam Manthiram. Walichukua fuwele ambazo chuma na oksijeni zake zimepangwa kwa namna moja, wakabadilisha kile kilicho nyuma ya oksijeni. Palipokuwa na molibdeni au tungsteni, volti zilikuwa 3.0. Walipoweka salfa, ikawa salfeti, zikapanda hadi 3.6. Chuma ni kilekile, kimezungukwa na oksijeni sita vilevile. Aliyebadilika haguswi na chuma hata kidogo. Yuko upande wa pili wa oksijeni.

Fikiria blanketi moja linalotumiwa na watu wawili usiku wa Julai kule Makete. Oksijeni ndiyo blanketi, chuma kiko upande huu, fosforasi au salfa iko upande ule. Fosforasi inavuta kwa nguvu: inashirikiana na oksijeni elektroni nyingi, na muungano wao unakuwa imara sana. Kinachobaki upande wa chuma ni kidogo.

Kwa nini chuma kufunuliwa hivyo kunapandisha volti? Muungano wa chuma na oksijeni una tabia ya kuzisukuma elektroni za d za chuma zipande juu kwa nishati. Kadiri wanavyoshirikiana zaidi, ndivyo zinavyopandishwa zaidi. Fosforasi ikiuregeza ushirika huo, nafasi ya elektroni kwenye chuma inashuka, na kila nukta inayoshuka inaonekana kwenye mita kama volti iliyoongezeka. Salfa huvuta kwa nguvu kuliko fosforasi, na ndiyo maana fosfeti ya mpangilio uleule wa salfeti, Li3Fe2(PO4)3, inatoa 2.8 wakati salfeti inatoa 3.6.

Msomaji makini atauliza: kama fosfeti inatoa 2.8, ile 3.43 ya LiFePO4 imetoka wapi, wakati nayo ni fosfeti? Ni swali zuri, na linatuonyesha kwamba jirani peke yake hatoshi. Namna alivyokaa nayo ina uzito. Katika fuwele ile ya kwanza, kila kundi la fosfeti linagusa oksijeni za chuma kwa kona tu. Katika olivini, kuna mahali ambapo chuma na fosforasi hushirikiana ukingo mzima, oksijeni mbili kwa pamoja, na viini vyao viko karibu zaidi. Nguvu za umeme zinazokizunguka chuma zinabadilika, nafasi yake inashuka tena. Metali ileile, majirani walewale, tofauti ya volti 0.6 kwa sababu ya mpangilio.

Olivini hiyo ilitangazwa mwaka 1997 na Akshaya Padhi, Goodenough na wenzao. Mwanzoni haikuwafurahisha watu, kwa kuwa fosfeti zinazotenganisha chuma na chuma huzifanya elektroni zipite kwa shida, na lithiamu yenyewe ina njia za kwenda upande mmoja tu, kama vichochoro visivyokutana. Suluhisho lilikuwa kusaga unga uwe mdogo sana na kuupaka kaboni. Weusi wa LiFePO4 unaouona ndani ya seli iliyopasuka ni wa kaboni hiyo. Yenyewe ni ya kijivu.

Faida ya pili ya blanketi lililovutwa ni usalama. Oksijeni iliyoshikwa na fosforasi kwa nguvu kiasi hicho haitoki kirahisi hata betri ikipata moto. Volti na usalama hapa vimetoka kwenye muungano mmoja.

Nafasi ya lithiamu nayo inahesabiwa

Nimezungumza sana kuhusu elektroni, ila ioni ya lithiamu nayo ina bei yake ya kukaa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni oksidi ya manganisi aina ya spineli, LiMn2O4, iliyotokana na kazi ya Michael Thackeray, mwanakemia wa Afrika Kusini aliyekwenda Oxford kufanya kazi na Goodenough mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiunzi chake ni Mn2O4. Lithiamu ya kwanza inapoingia hukaa mahali penye oksijeni nne, panapoitosha vizuri, na volti ni karibu 4. Nafasi hizo zikijaa, inayofuata inalazimika kwenda mahali penye oksijeni sita, tena kwa kuwasukuma waliotangulia wahame. Volti huanguka ghafla hadi karibu 3.

Elektroni zimekwenda kwenye manganisi ileile, kutoka Mn4+ kwenda Mn3+, kabla na baada ya anguko. Ni volti 1 nzima iliyopotea hasa kwa sababu ya mahali ioni ilipopata kukaa. Na huko chini kuna hatari: Mn3+ ikizidi, fuwele hunyooka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, uwiano wa pande zake ukibadilika kwa kama 16%, na chembe za unga hupasuka. Kwa hiyo betri za spineli huachwa zifanye kazi kwenye volti 4 peke yake.

13.1 ya jioni

Turudi Uyole, kwa mama mmoja mwenye duka la pembejeo. Alibadilisha betri ya asidi akaweka ya LiFePO4 ya ampea-saa 100, ya kuwasha kamera na taa mbili za nje usiku. Jumla ni wati 40. Kila jioni saa kumi na mbili alitazama mita ya volti, kama alivyozoea. Ilisoma 13.1. Kwa betri ya asidi, 12.7 ikiwa imepumzika ni kujaa, kwa hiyo 13.1 ilimpa usingizi mzuri. Saa kumi na moja alfajiri kila kitu kikazima.

"Mwanangu, umeniuzia betri mbovu," alimwambia fundi.

"Mama, betri ni nzima. Hiyo mita ndiyo haikwambii kitu kwa betri hii."

Fundi alikuwa sahihi, na sababu iko ndani ya olivini. Fuwele nyingi, kama LiCoO2 na zile za nikeli, manganisi na kobalti, hupokea lithiamu kidogo kidogo, ikienea sehemu zote. Kila inayoingia inabadilisha hali ya fuwele nzima, na volti inashuka taratibu kutoka 4.2 hadi 3. Ukipima unajua uko wapi. LiFePO4 haipendi hali ya katikati. Katika joto la kawaida, fuwele iliyojaa lithiamu na fuwele isiyo nayo hukaa kama vitu viwili visivyochanganyika, kila kimoja na ujazo wake, vikitofautiana kwa karibu 7%. Unapotumia betri, sehemu tupu inapungua na iliyojaa inaongezeka, lakini hakuna sehemu inayobadilika tabia. Elektroni ya katikati ya safari inakuta chuma cha aina ileile iliyokuta ya mwanzoni. Mteremko ni uleule, na mita inasoma kitu kilekile karibu safari nzima. Hushuka kwa kasi mwishoni tu, lithiamu inapokosa pa kuingia.

Kwa seli nne, 13.1 baada ya kupumzika inaweza kumaanisha chaji ya karibu 40%. Piga hesabu ya mama: ampea-saa 100 mara volti 12.8 ni wati-saa 1280. Asilimia 40 yake ni 512. Inveta inakula kama 15%, zinabaki 435. Gawanya kwa wati 40 upate saa 10.9. Anza saa kumi na mbili jioni, utafika saa kumi na moja kasoro alfajiri. Betri ilitoa kila ilichokuwa nacho. Tatizo lilikuwa paneli zilizopata mawingu siku mbili bila mtu kujua, kwa sababu 13.1 na 13.3 zilionekana sawa machoni.

Dawa ni kuhesabu umeme unaoingia na kutoka badala ya kupima volti. Fundi aliweka mita yenye shanti kwenye waya hasi, inayohesabu ampea-saa na kuanza upya kila betri inapojaa kabisa, yaani seli zinapofika 3.65 na mkondo kupungua. Bila kujaa huko mara moja moja, hata hesabu ya shanti hupotoka taratibu.

Lebo inapodanganya

Ubapa huohuo wa volti, kusoma kitu kilekile karibu safari nzima, unakusaidia kukamata betri bandia. Lebo inaweza kuandikwa LiFePO4, lakini chuma hakidanganyi. Ijaze betri, iache saa kadhaa, kisha pima seli moja moja, si boksi zima. Seli ya chuma na fosfeti itakuwa imeshuka na kutulia kati ya 3.3 na 3.4, hata kama chaja ilifika 3.65, kwa kuwa hakuna nafasi nyingine ndani yake ya kushikilia volti za juu. Ukiikuta seli imetulia kwenye 3.9 au 4.1, humo ndani kuna oksidi ya tabaka, ya kobalti au nikeli, hata lebo iseme nini.

Jambo hili lina uzito kwa chaja. Chaja ya LiFePO4 ya seli nne hufika volti 14.6. Ukiiweka kwenye betri ya seli tatu za oksidi, kila seli inasukumiwa hadi 4.87. Bodi ya ulinzi iliyoandikwa BMS inatakiwa ikate mapema. Ikiwa ya hovyo, lithiamu itaendelea kung'olewa mpaka oksijeni ianze kutoka. Kinyume chake, chaja ya 12.6 ya seli tatu ikiwekwa kwenye seli nne za chuma inagawa 3.15 kwa kila seli, chini ya ule ubapa. Haitaiharibu betri, ila ukiiacha hata wiki nzima itakuwa bado karibu tupu.